Kijana wa mkataba ameanza kuniletea nusu ya hesabu, na mama yake ni kama dada yangu

*Habari dada. Naomba jina langu lisitoke. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Miezi 8 iliyopita nilinunua pikipiki ya Boksa kwa 2,950,000, ukiweka bima, kofia ngumu na vitu vingine vidogo vidogo ikafika 3,100,000. Milioni 2 kati ya hizo nilikopa kikoba, narejesha 180,000 kila mwezi na bado marejesho manne. Nikampa kijana wa rafiki yangu kwa mkataba, tukaandikishana kwa mjumbe: hesabu elfu 10 kwa siku, siku 6 za wiki, Jumapili ni yake, akimaliza miezi 14 chombo kinakuwa chake. Matengenezo juu yake. Haruhusiwi kumpa mtu mwingine. Akishindwa hesabu siku 3 mfululizo pikipiki inarudi kwangu na hadai kitu.*

*Miezi 5 ya kwanza sikuwahi hata kumpigia simu, hela ilikuwa inaingia yenyewe jioni. Alafu kijiwe chao kikahamishwa kutoka pale karibu na stendi, bajaji nazo zikaingia njia ile. Mara injini ikafa, akakaa siku 9 bila kazi na akatoa 280,000 yake kutengeneza. Alitaka tuikate kwenye hesabu, nikakataa maana mkataba unasema matengenezo ni yake. Tangu hapo analeta elfu 5, mara elfu 7, siku nyingine kimya kabisa na simu hapokei. Nimepiga hesabu, miezi hii 3 amenipungukia 410,000. Wiki iliyopita jirani kaniambia usiku pikipiki anaendesha mtu mwingine, yaani deiwaka.*

*Kaka yangu anasema twende na vijana tukaichukue kijiweni, mkataba unaturuhusu. Lakini mama wa huyu kijana ndo alilea wanangu wakati nasoma chuo, leo hii tukikutana sokoni ananikwepa macho na mimi namkwepa. Nikikaza nampoteza yeye, nikilegeza kikoba kitanidhalilisha. Nifanye nini?*

Mwalimu wangu, pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu najua mkataba wa namna hii ulivyo, mwenye chombo yuko roho juu kila jioni anasubiri meseji ya hela, na dereva naye yuko roho juu anatafuta abiria wa mwisho, na kila mmoja anaamini mwenzake ndo ana nafuu.

Nianze na hili. Kwenye barua yako kuna vitu viwili umevifunga fungu moja, na nadhani ndo maana unaona njia ni mbili tu, kukaza au kulegeza. Kipato kimeshuka kwa sababu kijiwe kimehama na bajaji zimeingia. Hilo hajalifanya yeye, wala hukulifanya wewe, limewakuta wote wawili njiani. Kitu kingine ni deiwaka pamoja na kutopokea simu. Hivyo amevifanya yeye, akijua mlikubaliana nini. La kwanza linahitaji namba mpya, la pili linahitaji maneno ya wazi. Ukimwendea na vyote kwa mpigo, atasikia tu kwamba anaitwa mwizi, na hata pale alipo na hoja hutaisikia. Na ukimsamehe vyote kwa mpigo kwa kumwonea huruma ya kijiwe, deiwaka naye anapita humo humo kwenye huruma.

Sasa nikuulize, na usinichukulie vibaya. Unajua kwa siku anaingiza shilingi ngapi saa hizi? Kwenye barua hujasema, na nahisi hujawahi kumuuliza, maana miezi 5 hamkuwa na haja. Tuchukue mfano tu, tuseme zamani kijiwe cha stendi kilimpa elfu 25 kwa siku, na huko walikohamishiwa anapata elfu 18. Mafuta hayapungui sana, kwa sababu kijiwe kibaya anazunguka mtupu kutafuta abiria, tuseme 6,500. Inabaki 11,500. Akikupa elfu 10 anabaki na 1,500, hajala, hajamwaga oili, hajaweka chochote kwa ajili ya tairi na cheni. Mtu wa namna hiyo ana njia chache sana. Anaweza kukuletea nusu. Anaweza kuacha kumwaga oili kwa wakati ili hesabu itimie, na hapo injini iliyofunguliwa juzi inarudi kwa fundi. Au anaweza kufanya kazi kuanzia alfajiri mpaka jioni, alafu usiku ampe mtu amletee elfu 4 au 5 ya kufidia.

Kwa hiyo inawezekana deiwaka ni mtoto wa kile kipato kilichoshuka. Nasema inawezekana. Inawezekana pia kijana amekata tamaa baada ya ile 280,000, akaona hata akihangaika chombo hakitakuwa chake, kwa hiyo anakula anachopata na kukutumia makombo. Haya mambo mawili yanafanana ukiyaangalia kwa mbali, lakini yanaacha alama tofauti, na alama hizo unazo kwenye simu yako. Fungua meseji za M-Pesa za miezi hii 3 uziandike kwenye daftari, tarehe na kiasi. Mtu anayehangaika kweli hela yake inapanda na kushuka na biashara, Ijumaa na mwisho wa mwezi inaongezeka, siku ya mvua kubwa inapungua, leo 7,000 kesho 4,500. Mtu aliyekata tamaa au anayeficha mara nyingi anatuma kiasi kile kile cha mviringo, 5,000, 5,000, alafu kimya siku nne, alafu 5,000 tena baada ya wewe kupiga simu. Sio ushahidi wa mahakamani, lakini itakusaidia kujua unaenda kuongea na nani kati ya hao wawili.

Ukiwa na daftari hilo hilo, piga hesabu nzima, maana naona umepiga ya upungufu tu. Siku 26 kwa mwezi ni 260,000, miezi 14 ni 3,640,000. Miezi 5 mizuri alikupa 1,300,000. Miezi 3 mibaya alitakiwa kutoa 780,000, ukitoa 410,000 aliyopungukiwa ina maana ametoa 370,000. Jumla mkononi mwako imeshaingia 1,670,000 na imebaki 1,970,000. Karibu nusu ya chombo ameshakilipa. Kijana naye hesabu hii anaijua, pengine analala nayo usiku, na ukimwonyesha kwamba na wewe unaiona utakuwa umemwondolea hofu kubwa, kwamba unatafuta sababu ya kumnyang'anya.

Kuna namba nyingine ambayo kwako ni muhimu kuliko ile elfu 10. Kikoba unarejesha 180,000. Elfu 7 kwa siku mara siku 26 ni 182,000. Yaani sakafu yako, kiasi ambacho ukikipata bila kukosa hudhaliliki mbele ya wenzako, ni elfu 7 kwa siku. Elfu 10 ni kile mlichokubaliana, na ni haki yako kabisa, ila kinachokukosesha usingizi ni kushuka chini ya 7. Sikwambii uende ukamwambie hivyo. Nakwambia ujue wewe mwenyewe kabla hujakaa naye, maana mtu asiyejua sakafu yake akiona machozi anashuka mpaka chini, au akiona jeuri anakataa hata kitu kizuri.

Sasa tuje kwa kaka yako. Nitakuwa mkweli, kwa hesabu ya pesa peke yake ushauri wake sio wa kijinga. Ukichukua pikipiki leo, tuseme ukaiuza milioni 1.8, ukijumlisha na 1,670,000 unapata 3,470,000, umerudisha mtaji na kitu juu. Wenye vyombo wengi wanachukua kwa sababu hiyo. Lakini angalia hela hiyo inatoka wapi. Kijana anaondoka na mkono mtupu baada ya kutoa 1,670,000 na 280,000 ya injini, na hiyo injini aliyoitengeneza ndo inayokupa bei nzuri. Mama yake atajua. Kijiwe kizima kitajua, na kumpata dereva mwingine mwaminifu pale pale hakutakuwa rahisi. Na bei yenyewe usiiamini kabla ya kumuuliza fundi na dalali, maana pikipiki iliyofunguliwa injini wanunuzi wanaipiga bei ya chini sana.

Alafu hicho kipengele cha siku 3 mfululizo hakina nguvu kama kaka anavyodhani. Kwa miezi 3 umepokea nusu nusu na hukusema kitu kwa maandishi, mtu anaweza kusema ulishakubali. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia, ila mkiweka adhabu kwenye mkataba, mahakama inaangalia fidia ya haki isiyozidi kiwango mlichoandika, haiipitishi tu adhabu kama ilivyo. Sentensi ya "hadai kitu" kwa mtu aliyelipa karibu nusu, sina uhakika ingesimama, na kabla ya kuitegemea nenda kaongee na msaidizi wa kisheria, wapo mikoani na hawatozi kama wakili. Na kwenda na vijana kijiweni, hapana, hapo nakuomba. Bodaboda wakiona mwenzao anavuliwa chombo wanakusanyika dakika mbili, na kesi ya ugomvi haitajali nani ana mkataba. Ikibidi kukichukua, kichukuliwe mchana, kwa mjumbe au serikali ya mtaa, kwa maandishi, na hesabu ikiwa mezani.

Njia ya kuacha tu liende nayo ina gharama, na ndo unayoifuata sasa bila kukusudia. Kila elfu 5 unayopokea kimya kimya inazoea kuwa hesabu mpya. Hata kabla ya kikao, kuanzia leo akituma, mjibu kwa meseji: "nimepokea 5,000, bado 5,000, asante." Bila maneno makali. Inatosha.

Njia ya kati ambayo watu wengi wa mikataba wanaishia nayo ni kushusha hesabu ya siku na kurefusha muda, deni likabaki lile lile. Kwa elfu 7, ile 1,970,000 inachukua karibu miezi 11 badala ya 6. Kwako kikoba kinatulia. Kwake anabaki na elfu 4 na kitu badala ya 1,500, anaweza kumwaga oili na kula. Ila miezi mitano zaidi sio kitu kidogo, chombo kinazidi kuchakaa kikiwa kwa jina lako, na kuna kitu watu wanasahau kila mara: bima ya mwaka inaisha katikati. Mwaka wa kwanza ulilipa wewe. Mwaka mtauvuka hata msiporefusha, na bima ya pili na leseni ya LATRA nani analipa? Msiposema sasa mtagombana mwezi wa 12 kwa jambo ambalo lingemalizika kwa sentensi moja.

Wengine wanavunja mkataba na kugeuza kuwa hesabu ya kawaida, dereva analeta ya siku na chombo kinabaki cha mwenyewe. Hesabu yake inakuwa ndogo, lakini kwa kijana wako ina maana ile 1,670,000 imegeuka kodi, kwa hiyo ukiitaja, itaje pamoja na kiasi utakachomrudishia, la sivyo ni kunyang'anya kwa jina lingine. Njia nyingine ni kuuza na kugawana kwa makubaliano. Hiyo iacheni ya mwisho, ila msiogope kuitaja, kuna vijana wanashukuru kutoka na laki tatu nne za kuanzia kuliko kufungwa na chombo ambacho kijiwe chake kimekufa.

Kuhusu injini. Ulikataa kwa sababu mkataba unasema matengenezo ni yake, na maneno yako ni ya kweli. Lakini nadhani hapo ndo moyo wake ulivunjika, angalia mwenyewe kwenye barua, umeandika "tangu hapo". Watu wengi wakiandika matengenezo wanafikiria oili, plagi, cheni, tairi, breki. Injini kufunguliwa ni kitu kingine, na mkataba wenu haukukitenganisha. Simwoni kama ana haki ya kukukata 280,000 yote, maana chombo mwisho wa siku kinakuwa chake na injini nzima inamfaidi yeye. Ila kuna kitu katikati: zile siku 9 chombo kilipokuwa kwa fundi. Kwenye 410,000 yako umezihesabu kama deni, 90,000. Chombo hakikutembea, hakikuingiza hata mia. Ukiziondoa deni linakuwa 320,000, na iliyobaki yote 1,880,000, ambayo kwa elfu 7 ni miezi 10 na siku chache. Hutapoteza kitu kikubwa, na yeye anasikia kwa mara ya kwanza kwamba ile shida uliiona. Uamuzi ni wako. Kama ukiona hapana, basi angalau mweleze kwa nini, maana nahisi mara ya kwanza alisikia hapana tu.

Tuje kwenye kikao chenyewe. Sio kwa simu, sio kijiweni mbele ya wenzake, na usimuite siku ya kazi jioni akiwa hajatimiza hesabu. Jumapili ni siku yake, mwite nyumbani mchana, aje na daftari lake kama analo. Anza na kile kisicho kosa lake. Kitu kama: "Mwanangu, najua kijiwe kimehama na injini ilikuumiza, na pole sikukupa vizuri. Nataka tukae tuangalie chombo hiki kitalipika vipi. Niambie ukweli, kwa siku unashika ngapi?" Alafu nyamaza. Walimu tunapenda kujaza ukimya (mimi pia nimefundisha miaka mingi), lakini hapo mwache ahesabu mwenyewe. Akisema elfu 18, usimbishie, mwambie muandike pamoja, mafuta ngapi, chakula ngapi, oili kila baada ya siku ngapi. Hesabu ya uongo ikiandikwa mstari kwa mstari inaanza kujikanyaga yenyewe.

Namba zikishakaa sawa ndo unaleta la deiwaka, na hapo usizunguke. "Nimesikia usiku kuna mtu mwingine anaendesha. Ni kweli?" Usimtaje jirani. Akikubali, mweleze kinachokutisha hasa, sio heshima yako tu: kadi ina jina lako. Deiwaka asiye na leseni daraja A akigonga mtu saa 5 usiku, bima inaweza kukataa kulipa, na polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Na pikipiki nyingi zinaporwa usiku, hiyo bima ndogo mliyokata haifidii wizi. Ikiibiwa, yeye amepoteza 1,670,000 yake na wewe umepoteza chombo, na mkataba wenu hausemi kitu kuhusu wizi, nalo mliongezee. Akiwa na sababu ya maana ya kuhitaji deiwaka, pana nafasi hata hapo: mtu mmoja anayejulikana, leseni umeiona kwa macho, mwisho saa fulani ya usiku, na akiharibu anawajibika kijana wako. Au hapana kabisa, kwa kuwa hesabu imeshushwa na sababu imeisha. Zote mbili zinaeleweka. Kisichoeleweka ni wewe kusikia kwa jirani, na hilo mwambie kwa maneno hayo hayo.

Na kama akikataa, akasema hamna deiwaka, na wewe unajua yupo? Basi hapo kuwa makini na kushusha hesabu. Mtu anayedanganya jambo dogo usoni siku unamwambia pole, elfu 7 nayo ataigeuza kuwa 3. Sio lazima uvunje siku hiyo. Unaweza kusema, "sawa, tujaribu wiki mbili kwa hesabu ya zamani, alafu tuonane," na wiki mbili hizo zitakuonyesha mengi.

Mkielewana, nawasihi msiishie kwa kushikana mikono, hata kama mna furaha. Mrudi kwa mjumbe yule yule, na mashahidi wale wale kama wapo, mwandike karatasi ya nyongeza inayotaja mkataba wa kwanza na tarehe yake. Iseme amelipa ngapi mpaka leo, imebaki ngapi, hesabu mpya ni kiasi gani na inaanza lini, bima ya pili ni ya nani, injini ikifa tena gharama inagawanywaje na siku za kwa fundi zinahesabiwaje, siku akikosa anatoa taarifa kabla ya saa ngapi, na kadi itahamishwa TRA kwa gharama ya nani akimaliza. Na badala ya kile kipengele cha siku 3 na hadai kitu, andikeni kitu ambacho wote mnaweza kukitekeleza bila aibu, mfano wiki nzima bila hela na bila taarifa, chombo kinapaki kwako mpaka mkae kwa mjumbe, na kikiuzwa alicholipa kinahesabiwa.

Ningependa pia isiwe ya milele. Mngeweka miezi 3 ya kuangalia, alafu mkae tena tarehe mliyoandika, hata kama mambo ni mazuri. Wakati huo kikoba chako kitakuwa kimebakiza rejesho moja tu, utakuwa huna presha kama ya sasa, na yeye pengine kijiwe kipya kimeshazoeleka anaweza kupanda hadi 8 au 9. Na mafuta yakipanda sana katikati msibishane nani anasema kweli, EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mnaangalia pale.

Kuhusu mama yake. Naelewa hamu ya kumwendea yeye kwanza, ndo rafiki yako. Nina wasiwasi nayo. Ukimwambia kabla ya kijana, unamweka achague kati ya mwanae na wewe, na kijana ataona umemshtaki kwa mama kama mtoto wakati ni mtu mzima uliyesaini naye. Lakini kunyamaza kabisa nako kunazidi kuwakwepesha macho sokoni. Unaweza kumwambia maneno mawili tu: "Nina mazungumzo na mwanao habari ya chombo, Jumapili tunakaa, sitaki jambo hili liingie kati yetu." Bila kiasi, bila deiwaka. Kuna uwezekano yeye anajua mengi kuliko wewe na anakwepa kwa aibu tu, sio kwa hasira. Wewe ndo unayemjua, kama ukiona ni mtu wa kubeba jambo bila kulikuza, hata kumwalika akae asikilize siku ya kusaini sio vibaya.

Kaka yako usimfukuze kwenye hili, ana uchungu na wewe. Mpe daftari la hesabu aliangalie, na kama kikao kikishindikana yeye ndo wa kwenda nawe kwa mjumbe, mchana, bila vijana.

Kiasi gani ushushe, siku 9 uzisamehe au la, deiwaka umruhusu au umkatae, hayo yanategemea sura ya kijana utakayoiona Jumapili na hali ya mfuko wako, na mimi huku siioni. Ukishaongea naye niandikie alivyojibu ulipomuuliza kwa siku anashika ngapi, tuendelee kutoka hapo.